Paja Linaweza Kusubiri: Msumari Usiku Huu au Fremu ya Nje?

Picha ya eksirei ya paja lililovunjika ina ushawishi mkubwa. Mfupa mrefu kuliko yote mwilini umekatika katikati, kipande cha juu kimeinuka na kuelekea nje, cha chini kimepanda ubavuni mwake, na daktari wa mifupa anayeitazama tayari anauona msumari mrefu wa chuma ukipita ndani ya mfupa. Ni kazi tunayoijua, tunayoipenda, na ambayo humwacha mgonjwa na mguu ulionyooka. Ndiyo maana anapoletwa mtu aliyeumia sehemu nyingi kwa mpigo mmoja, nimejizoesha kuitazama picha hiyo baadaye, nikishasoma karatasi ya gesi za damu. Picha hunieleza kitakachofanywa. Karatasi hunieleza kitafanywa lini.

Nitaeleza uamuzi huo kupitia mgonjwa mmoja, niliyemjenga kutokana na wengi ili asitambulike mtu. Ni kijana wa miaka 29, dereva wa pikipiki aliyegongana na lori. Paja la kulia limevunjika katikati bila kidonda. Muundi wa kushoto umevunjika na mfupa umetoboa ngozi. Mbavu sita za kushoto zimevunjika, kifua upande huo kina damu na hewa, na mapafu yote mawili yamevilia damu. Kipimo cha mawimbi ya sauti kimeonyesha damu tumboni. Presha yake ni 82 kwa 46, moyo unapiga mara 134 kwa dakika, joto la mwili ni nyuzi 34.4. Gesi za damu zinaonyesha pH ya 7.19, upungufu wa besi, yaani kipimo cha asidi iliyozidi kwenye damu, wa 10, na laktati ya 6.4.

Laktati ndiyo namba ninayoifuata kwa karibu kuliko nyingine. Seli zisizopata oksijeni ya kutosha huendelea kuzalisha nishati kwa njia ya dharura, na laktati hujikusanya. Mtu mzima aliyetulia huwa chini ya 2. Kwa majeruhi wa namna hii, 6.4 ina maana kwamba seli zake zina njaa ya oksijeni, hata kama anajibu maswali na kuomba maji. Presha inaweza kutudanganya, hasa kwa kijana ambaye mishipa yake hujibana kwa nguvu mpaka dakika ya mwisho. Laktati hudanganya mara chache zaidi.

Mabishano yetu kuhusu paja kama hili yana historia, na kila upande una sababu zake. Kwa miaka mingi mgonjwa wa aina hii alilazwa akivutwa mguu kwa uzito, kwa kuwa madaktari walimwona dhaifu mno kwa upasuaji. Alilala chali kwa wiki nyingi, asiweze kugeuzwa wala kuketi, na mapafu yakajaa makohozi. Mwaka 1989 Lawrence Bone na wenzake huko Dallas walichapisha utafiti uliowapanga kwa kura wagonjwa 178 wenye paja lililovunjika: wengine walitengenezwa mfupa ndani ya saa 24, wengine baada ya saa 48. Kwa wale walioumia sehemu nyingi, waliocheleweshwa ndio waliopata matatizo zaidi ya mapafu na kukaa zaidi hospitalini. Kuanzia hapo wazo likageuka: mgonjwa ni dhaifu mno kuachwa bila upasuaji. Kila mfupa utengenezwe kikamilifu, usiku uleule.

Halafu mwaka 1993 wakatokea Wajerumani wa Hannover, wakiongozwa na Hans-Christoph Pape, na habari iliyotia doa sherehe hiyo. Miongoni mwa wagonjwa waliokuwa na jeraha kubwa la kifua, waliopigiwa msumari mapema walipata zaidi ile hali ya mapafu kuvimba na kushindwa kuingiza oksijeni. Kwa maneno mengine, tiba iliyowaokoa wengi iliwadhuru wachache, na wachache hao walikuwa na sura inayotambulika.

Sababu yake inaeleweka ukifikiria kinachotokea ndani ya mfupa. Ili msumari upite, mara nyingi tunapanua mfereji wa uboho kwa kekee ndefu, nyembamba kwanza kisha nene zaidi. Kekee hiyo husukuma mafuta na uboho mbele yake kwa shinikizo kubwa. Havina pa kwenda isipokuwa kwenye vena, na vena hizo huishia moyoni kisha mapafuni. Mapafu mazima huyachuja matone hayo na mgonjwa hata haonyeshi dalili. Mapafu yaliyovilia damu ni habari nyingine. Zaidi ya hapo, ajali yenyewe imekwisha kuwasha kinga ya mwili mzima: chembe nyeupe zimejipanga kwenye kuta za mishipa, tayari kushambulia. Upasuaji mrefu, pamoja na damu inayomwagika, baridi na matone ya mafuta, unakuja kama pigo la pili juu ya mwili ambao haujamaliza kulipokea la kwanza.

Jibu lililozoeleka baadaye liliazimwa kwa wapasuaji wa tumbo, ambao miaka ya tisini walijifunza kuziba panapovuja damu, kuacha tumbo wazi na kumrudisha mgonjwa baada ya siku moja au mbili. Mwaka 2000 Thomas Scalea na wenzake huko Baltimore walieleza jinsi walivyotumia fremu ya nje, yaani pini zinazoingia mfupani na kufungwa kwa fimbo nje ya ngozi, kama daraja la kufikia msumari kwa wagonjwa walio mahututi. Namba zao nimezihifadhi kichwani: fremu ilichukua dakika 35 na kumwaga mililita 90 za damu, msumari ulichukua dakika 135 na kumwaga mililita 400. Hizo ni namba za katikati, na mpasuaji mwepesi atabisha kwamba yeye humaliza msumari kwa saa moja. Sawa. Lakini tofauti ya mzigo kwa mgonjwa ndiyo hiyo.

Turudi kwa kijana wetu. Amewekewa mpira kifuani na damu imetoka. Amepewa gramu 1 ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu ambayo lazima ianze ndani ya saa 3 tangu ajali. Amepewa antibiotiki kwa ajili ya muundi uliotoboka. Anaongezewa damu, plazma na chembe sahani kwa uwiano unaokaribiana, na kalsiamu, kwa sababu dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mifuko huikamata kalsiamu yake. Paja limevutwa kwa banzi. Presha haisimami, anakwenda moja kwa moja chumba cha upasuaji, na wapasuaji wa tumbo wanaliondoa wengu lililopasuka. Damu inakoma.

Sasa ni zamu yetu, na hapa ndipo penye mtego. Presha imefika 106 kwa 62. Moyo umeshuka hadi 112. Chumba kizima kimepumua. Daktari kijana aliye mafunzoni ananiambia, “Dokta, ameitikia. Yuko usingizini tayari, vifaa vipo. Tupige msumari tumalize.”

Hoja yake si ya kipuuzi. Usingizi mmoja ni bora kuliko miwili, na mgonjwa atakayeamka na paja lililokwisha tengenezwa ataweza kuketishwa kesho. Kabla ya kumjibu, namwomba daktari wa usingizi gesi mpya, joto, hesabu ya chembe sahani, na kiasi cha dawa ya kupandisha presha anachotumia. Anajibu: pH 7.24, upungufu wa besi 7, laktati 4.3, joto 35.1, chembe sahani 92,000, na noradrenalini bado inaingia. Ule uwiano wa oksijeni iliyo kwenye damu na ile tunayompa ni 210, wakati mapafu mazima hutoa zaidi ya 400.

Kila namba imesogea kuelekea pazuri. Hakuna hata moja iliyofika. Presha ya 106 inayosimama kwa noradrenalini si presha ya 106.

Wenzetu hugawa wagonjwa hawa katika makundi manne: aliye thabiti, aliye mpakani, asiye thabiti, na aliye karibu kufa. Wa kwanza na wa mwisho hawatusumbui. Thabiti anapigiwa msumari usiku huo. Aliye karibu kufa anazibwa damu na kupelekwa kwa wagonjwa mahututi, hata fremu ikibidi iwekwe huko huko kitandani. Ubishi wote uko kwa yule wa mpakani, na kijana wetu, aliyekuja akiwa asiye thabiti, sasa anasogea kuelekea kundi hilo. Mapafu yote mawili kuvilia damu peke yake kunatosha kumweka mtu mpakani, hata presha ikiwa nzuri. Pape na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti wa hospitali kadhaa za Ulaya uliogawa wagonjwa kwa kura. Waliokuwa thabiti walifaidika kwa msumari wa mapema, maana walitoka kwenye mashine ya kupumulia haraka zaidi. Waliokuwa mpakani walipata madhara zaidi ya mapafu walipopigiwa msumari mapema. Tiba ni ileile na mfupa ni uleule. Kilichotofautiana ni mwenye mfupa.

Kwa hiyo nilimjibu yule daktari kijana: fremu, na saa ya ukutani ianze kuhesabu.

Kuweka fremu ya nje kwenye paja hakuhitaji meza ya kuvutia mguu. Mgonjwa anabaki chali, mguu mzima umesafishwa, msaidizi anauvuta kwa mikono. Pini nne zinatosha, zenye unene wa milimita 5: mbili juu ya mvunjiko, mbili chini. Katika kila kipande moja inakaa karibu na mvunjiko na nyingine mbali nao, kwa sababu upana huo ndio unaoipa fremu ugumu. Pini huingia kutoka upande wa nje, au nje kidogo kuelekea mbele, kupitia tundu dogo la ngozi. Natoboa kwanza kwa kekee ya milimita 3.5 ndani ya mrija unaolinda misuli, nikipoza kwa maji, maana mfupa ulioungua huoza kuizunguka pini na pini hulegea. Pini lazima ishike kuta zote mbili za mfupa bila kuchomoza upande wa ndani, iliko ateri kubwa ya paja.

Pini ya chini kabisa ndiyo inayokosewa zaidi. Mfuko wa goti hupanda juu ya kilegesambwa zaidi ya wengi wanavyodhani. Pini iliyoingia humo inaweza kupeleka usaha ndani ya goti, na baada ya hapo msumari si tatizo tena, goti ndilo tatizo. Kwa hiyo napanda juu kidogo, hata fremu ikiwa dhaifu kidogo.

Kisha fimbo inafungwa, mguu unavutwa urefu wake, unazungushwa mpaka kilegesambwa kitazame dari, na vibano vinakazwa. Mvunjiko haulazimiki kukaa sawasawa. Nataka urefu, mwelekeo na utulivu, basi. Nimewaona wenzangu wakitumia dakika 20 nzima kuhangaikia nafasi ya milimita chache kwenye fremu itakayoondolewa wiki ijayo, na daktari wa usingizi akiwatazama kwa jicho la pembeni. Sarufi ya usiku huo ni fupi: shika, acha, ondoka.

Muundi hauwezi kusubiri kwa namna ileile. Kidonda kilichofunguka kinasafishwa, nyama iliyokufa inakatwa, fremu nyingine inawekwa. Mambo mengine yasiyosubiri, kijana wetu hakuwa nayo: mguu usio na mapigo, kiungo kilichotoka mahali pake, na misuli inayovimba ndani ya ala yake hadi damu isiweze kuingia. Haya hufanyika hata kwa mgonjwa aliye taabani, kwa njia fupi kuliko zote. Kabla hatujatoka napapasa mapigo ya nyayo zote mbili na kubonyeza misuli ya miundi. Tulitoka na laktati ya 3.9 na joto la 35.6. Fremu haikumrudisha nyuma.

Saa sita baadaye laktati ilikuwa 3.1 na pH 7.31. Saa ya kumi na nane, laktati 1.9, na noradrenalini imesimamishwa. Hapa swali likafufuka, safari hii kwa uzito zaidi.

Heather Vallier na wenzake wa Cleveland walipendekeza mwaka 2013 kanuni iliyo rahisi kukumbuka: mgonjwa akisharudishiwa uhai vya kutosha, yaani laktati chini ya 4.0, au pH ya 7.25 na kuendelea, au upungufu wa besi usiozidi 5.5, basi mivunjiko mikubwa ya paja, nyonga na uti wa mgongo itengenezwe ndani ya saa 36. Naiheshimu kanuni hii. Imewaokoa wagonjwa wengi kutoka kwenye fremu wasizozihitaji. Fremu nayo ina gharama: usingizi wa pili, pini zinazovuja, goti linalokakamaa, siku za ziada kitandani. Mtu mwenye paja kama hili, mapafu safi na laktati ya 2 akiwekewa fremu kwa sababu tu ni saa nane za usiku na timu imechoka, huo si uangalifu. Ni kuahirisha kazi kwa jina zuri. Na kama angekuja na laktati ya 4.3 ikashuka hadi 2 ndani ya saa mbili mezani, ningebadili uamuzi palepale.

Kwa kanuni hiyo kijana wetu alikuwa amefuzu ndani ya saa sita. Sikumrudisha mezani. Namba za Cleveland zinapima deni la oksijeni: je, mwili umelipa kilichopotea wakati wa kuvuja damu? Hazipimi mapafu. Mapafu yaliyovilia damu huendelea kuvimba kwa siku moja hadi mbili baada ya ajali, na asubuhi ya pili ule uwiano wa oksijeni ulikuwa umeshuka kutoka 210 hadi 175, huku eksirei ya kifua ikiwa nyeupe zaidi. Laktati ya 1.9 na mapafu ya 175 ni mtu yuleyule. Kupitisha kekee ndani ya paja lake saa hiyo kungekuwa kupeleka mafuta mahali pasipo na nafasi. Wapo wenzangu wanaoona naogopa kupita kiasi, kwa kuwa fremu ilikwisha kutuliza mvunjiko na msumari unaweza kupigwa kwa kekee chache. Kwa mapafu ya upande mmoja yaliyochubuka kidogo, wananishinda hoja. Kwa huyu, hapana.

Vitabu vingi husema siku ya pili hadi ya nne ziepukwe kwa upasuaji mkubwa, kisha dirisha hufunguka karibu na siku ya tano na kuendelea hadi ya kumi. Kalenda hiyo inasaidia, ila siifuati kama ratiba ya basi. Ninachokitafuta ni ishara kwamba uvimbe wa mwili umegeuka: mgonjwa anaanza kukojoa maji yaliyomjaa, mizani ya maji inakwenda hasi, chembe sahani zinapanda, mashine ya kupumulia inapunguzwa badala ya kuongezwa. Siku ya sita kijana alikuwa na uwiano wa 310, chembe sahani 240,000, hana homa, na pini zote zilikuwa kavu.

Upande wa pili wa dirisha nao una ukuta. Kila pini ni njia kutoka kwenye ngozi hadi ndani ya uboho, na msumari utapita uboho huohuo. Ndani ya wiki mbili za mwanzo, kama pini ni safi, fremu inaweza kuondolewa na msumari kupigwa katika upasuaji uleule bila hatari kubwa ya maambukizi. Kadiri siku zinavyozidi, ndivyo vijidudu vinavyopata makazi. Pini ikitoa usaha, mpango unavunjika: fremu inaondolewa, mashimo yanakwanguliwa, mguu unavutwa kwa uzito huku antibiotiki zikifanya kazi, na msumari unasubiri mashimo yapoe. Hatari kubwa ninayoiona si mgonjwa mwenyewe kukataa kupona kwa wakati. Ni kwamba amehamishwa wodi, aliyeweka fremu yuko likizo, kila mmoja anadhani mwingine amepanga siku ya msumari, na wiki ya tatu inafika. Kwa hiyo usiku uleule wa fremu naandika kwenye jalada siku ya kumtathmini upya na jina la atakayeifanya.

Siku ya sita tulizitoa pini, tukasafisha mashimo, na kubadilisha vifaa vyote na vitambaa kabla ya kugusa chochote cha msumari. Paja lilikuwa limeshikiliwa kwa urefu wake, hivyo kurudisha mfupa mahali pake hakukuwa na mieleka. Tulitumia kekee kali, mpya, tukazisukuma polepole na kupumzika kati ya moja na nyingine, maana kekee butu inayosukumwa kwa haraka ndiyo inayopandisha shinikizo. Kabla ya kila kekee nilimuuliza daktari wa usingizi kuhusu mambo mawili: oksijeni kwenye kidole, na kabonidioksaidi inayotoka na pumzi. Kabonidioksaidi hiyo ikianguka ghafla huku presha ikishuka, ina maana kuna kitu kimeziba mishipa ya mapafu, na hapo kekee inatoka, upasuaji unasimama, na fremu, ambayo sehemu zake safi zilikuwa mezani zikisubiri, inarudi.

Oksijeni ilishuka mara moja kutoka 98 hadi 95 kwenye kekee ya tatu, ikarejea tulipongoja dakika chache. Tuliishia hapo na kuchagua msumari mwembamba kwa milimita 1 kuliko nilioupanga, tukaufunga kwa skrubu juu na chini. Jioni ile alibaki kwenye mashine ya kupumulia kwa tahadhari, na kesho yake asubuhi ikatolewa. Muundi ulifunikwa na wenzetu wa upasuaji wa ngozi katika ratiba tofauti, kwa kuwa hatukuona sababu ya kumrefushia usingizi siku ya msumari. Goti la kulia lilianza kukunjwa siku iliyofuata. Lilikuwa gumu, kama magoti yote yaliyolala chini ya fremu, na mtaalamu wa viungo akaanza na nyuzi 40.